Aina Sita za Ngozi na Swali Lililozizaa

Ukienda kliniki ya ngozi kutibiwa kwa mwanga, au ukaingia mahali panapoondolewa nywele kwa mashine ya leza, kuna namba moja utakayopewa kabla mashine haijawashwa. Itaandikwa kwenye faili kwa tarakimu za Kirumi, kuanzia I hadi VI, na mara nyingi anayeiandika atakuwa amekutazama tu usoni. Namba hiyo huitwa aina ya ngozi ya Fitzpatrick. Karibu kila mtu anayeiona huichukua kuwa kipimo cha rangi: I ni mweupe sana, VI ni mweusi sana, na waliobaki wamepangwa katikati.

Aliyeitunga hakuitunga kwa ajili hiyo. Aliitunga kwa sababu kutazama rangi kulikuwa kumewaunguza wagonjwa wake.

Vidonge, taa na majeraha

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Thomas Fitzpatrick alikuwa mkuu wa idara ya magonjwa ya ngozi katika Chuo Kikuu cha Harvard, na kazi yake ya tiba aliifanyia Hospitali Kuu ya Massachusetts, mjini Boston. Yeye na wenzake, akiwemo John Parrish na Madhu Pathak, walikuwa wakijaribu tiba mpya ya soriasisi, ugonjwa unaofanya ngozi iote mabaka mazito yenye magamba. Mgonjwa alimeza dawa iitwayo soraleni, akasubiri kama saa mbili, kisha akasimama ndani ya kibanda chenye taa za mionzi ya urujuanimno aina ya A. Soraleni peke yake haifanyi kitu kikubwa kwenye ngozi, na mionzi hiyo peke yake haina nguvu nyingi. Vikikutana ndani ya ngozi, seli zinazozaliana ovyo hupunguza mwendo na mabaka hulainika. Matokeo ya tiba hiyo yalichapishwa mwaka 1974 na yakapokelewa kwa furaha, maana wagonjwa wa soriasisi iliyoenea mwili mzima hawakuwa na njia nyingi.

Tatizo lilikuwa dozi. Mionzi ikiwa kidogo, mabaka hayaondoki. Ikizidi, mgonjwa anaungua, na kuungua kwa soraleni kuna hila yake: ngozi iliyopigwa na jua la kawaida huonyesha wekundu wake wote ndani ya siku moja, lakini ya soraleni huendelea kupanda kwa siku mbili au tatu. Daktari akimwona mgonjwa kesho yake akadhani yu salama, akampa dozi nyingine, anakuwa ameongeza moto juu ya moto ambao haujafika kileleni.

Kwa hiyo ilibidi kukisia mapema nani angestahimili kiasi gani. Walianza na kile ambacho mtu yeyote angeanza nacho, yaani nywele na macho. Mwenye nywele za dhahabu na macho ya bluu alipewa kidogo; mwenye nywele nyeusi na macho ya kahawia alipewa zaidi. Hapo ndipo baadhi ya wagonjwa wenye nywele nyeusi, waliopewa juli 4 hadi 6 kwa kila sentimita ya mraba ya ngozi, walipoungua vibaya. Ukiwatazama, ungesema wana kinga. Ngozi yao haikuwa nayo.

Fitzpatrick akaacha kutazama, akauliza. Mwaka 1975 alichapisha maelezo ya njia yake katika jarida la Kifaransa. Swali lilikuwa hili: ukikaa juani kwa dakika 45 hadi 60 wakati wa adhuhuri, mwanzoni mwa majira ya joto, kabla ngozi yako haijazoea jua la mwaka huo, baada ya saa 24 unakuwa mwekundu na kuumia kiasi gani? Na baada ya wiki moja, ngozi yako inakolea rangi kiasi gani?

Majibu yaliwagawa Wazungu wa Boston katika makundi manne. Wa aina ya I huungua kila mara wala hawakolei rangi kamwe. Wa aina ya II huungua kwa urahisi na kukolea kidogo sana. Wa aina ya III huungua kiasi, kisha hukolea polepole. Wa aina ya IV huungua kwa nadra na kukolea vizuri. Mtu mwenye nywele nyeusi aliyejibu kwamba jua la kwanza humbabua kila mwaka aliingia aina ya II, hata kama sura yake ilikuwa ya mtu wa IV.

Hicho ndicho kipimo hiki kinachopima: jinsi ngozi ambayo haijazoea jua inavyolipokea pigo la kwanza la mionzi, kwa kuungua siku ya pili na kwa kukolea rangi ndani ya wiki. Kazi yake ni kumpa daktari dozi ya kuanzia. Kila kitu kingine tunachokitaka kutoka kwenye namba hiyo kimeongezwa baadaye na watu wengine.

Aina mbili ambazo hazikuulizwa

Aina ya V na ya VI hazikuwemo katika makundi yale manne. Ziliongezwa baadaye, na Fitzpatrick alipoandika upya juu ya kipimo chake mwaka 1988, aina zikawa sita: V kwa watu wa rangi ya kahawia, ambao huungua kwa nadra sana, na VI kwa watu weusi, ambao inasemekana hawaungui kabisa.

Angalia kilichotokea. Makundi manne ya kwanza yalipatikana kwa kuuliza jua linakufanya nini. Mawili ya mwisho yakapatikana kwa kutazama. Kosa lile lile lililowaunguza watu wa Boston lilirudi kwa mlango wa nyuma, safari hii kwa watu wengi zaidi, maana ndani ya V na VI wamo Waafrika wengi, Wahindi wengi, baadhi ya Waarabu na watu wa visiwa vya Pasifiki. Mtu wa maji ya kunde kutoka Lamu na mtu mweusi tititi kutoka Sudan Kusini wanaweza kuandikiwa namba moja, ilhali kwenye upande wa Wazungu kuna namba nne za kutofautisha watu ambao sisi tungewaita weupe tu.

Hata mtu akiamua kuuliza, swali lenyewe halisafiri vizuri. Limejengwa juu ya hali ya hewa ya Boston, mji ulio digrii 42 kaskazini mwa Ikweta, ambako watu hujifunika kwa miezi mingi ya baridi na ngozi hupoteza mazoea ya jua. Huko kuna siku inayoweza kuitwa ya jua la kwanza. Mkulima wa Dodoma au mvuvi wa Kilwa hana siku hiyo. Jua lake la Januari na la Julai hayatofautiani kiasi cha kuifanya ngozi isahau, kwa hiyo ukimuuliza anavyoungua mara ya kwanza katika mwaka, unamuuliza jambo ambalo halijawahi kumtokea.

Kuna tatizo la pili, nalo ni neno wekundu. Ngozi nyeusi ikiungua na jua, damu hujaa kwenye mishipa midogo kama katika ngozi yoyote, lakini melanini iliyo juu yake huufunika wekundu huo. Mwenye ngozi hiyo huhisi joto, kuvutana, muwasho au maumivu akiguswa. Siku chache baadaye huona ngozi inabanduka na pale palipoungua pamekuwa peusi zaidi. Muulize kama huwa mwekundu, atakujibu hapana kwa unyofu kabisa. Daktari ataandika kwamba haungui. Muulize kama amewahi kurudi kutoka safari ndefu ya jahazi mabega yakimuwasha na kumuuma, kisha yakabanduka, na huenda jibu likawa jingine.

Ni kweli kwamba ngozi nyeusi ina kinga kubwa. Utafiti uliofanyika Marekani mwaka 1979 ulipima tabaka la juu la ngozi na kukuta kwamba, kwa wastani, ngozi ya watu weusi ilipitisha asilimia 7.4 ya mionzi ya urujuanimno aina ya B, na ya watu weupe asilimia 24. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya mara tatu, na ndiyo inayoeleza kwa nini mtu mweusi huchukua muda mrefu zaidi kuungua. Lakini asilimia 7 si sifuri. Kibandani, ambako taa hutoa mionzi mingi kwa muda mfupi, asilimia hizo hutosha kabisa kumjeruhi mtu aliyeandikiwa kwamba haungui.

Mtu mmoja, namba mbili

Tuchukue mfano wa kufikirika ili tuone namba hii inavyofanya kazi na inakoishia. Mwanamke wa Mombasa, mweusi, ana soriasisi mgongoni na miguuni. Siku hizi kliniki nyingi hutumia mionzi ya aina ya B yenye wimbi jembamba la nanomita 311, ambayo haihitaji kumeza dawa. Mwongozo wa madaktari wa ngozi wa Marekani unaanza na milijuli 130 kwa kila sentimita ya mraba kwa aina ya I, unapanda hatua kwa hatua, na kufikia 400 kwa aina ya VI. Ikiwa taa za kibanda hutoa miliwati 4 kwa kila sentimita ya mraba, ngozi inapokea milijuli 4 kila sekunde. Mgonjwa wetu, akiwa ameandikiwa VI, atasimama sekunde 100. Mtu wa aina ya I angesimama sekunde 32 tu. Kuanzia hapo, kila ziara dozi huongezwa kidogo kulingana na ngozi ilivyopokea ile iliyotangulia.

Sasa mpe mwanamke huyo huyo ugonjwa mwingine. Badala ya soriasisi ana mbalanga, yale madoa meupe yanayotokea pale seli zinazotengeneza melanini zinapokufa. Mionzi ile ile ya nanomita 311 hutumika kuziamsha seli zilizobaki kwenye mashina ya nywele ili zirudishe rangi. Ukifuata namba iliyo kwenye faili lake utaanza na 400, na madoa yake yataungua, kwa sababu ndani ya doa hakuna melanini ya kukinga. Usoni ni VI, ndani ya doa hana kinga hiyo. Ndiyo maana wataalamu wa mbalanga wamekubaliana kuanza na milijuli 200 kwa kila mgonjwa, bila kujali aina ya ngozi, kisha kuongeza asilimia 10 hadi 20 kila mara. Kwa taa zile zile, mwanamke wetu atasimama sekunde 50.

Kwenye madoa hayo, cha kufuatilia ni rangi ya waridi hafifu. Ikija na kutoweka ndani ya saa 24, dozi imefika pazuri. Ikizidi muda huo, dozi haiongezwi mpaka itoweke. Doa likiwa jekundu sana, matibabu husimama kwanza. Likiuma au kutoa malengelenge, husimama mpaka lipone kabisa. Kwenye soriasisi ya ngozi nyeusi dalili hizo za macho hazitoshi, kwa hiyo muuguzi mzoefu hugusa kwa mgongo wa mkono kutafuta joto, na huuliza kuhusu maumivu na muwasho wa usiku uliopita kabla ya kubonyeza swichi.

Pale dozi inapotia wasiwasi, kuna njia ya kupima badala ya kukisia. Vipande vidogo vya ngozi, mgongoni au sehemu nyingine isiyopata jua sana, hupigwa mionzi kwa dozi zinazopanda, na baada ya saa 24 daktari hutazama ni dozi ipi ya chini kabisa iliyoanza kuonyesha wekundu. Hicho ndicho kipimo halisi cha kile ambacho swali la Fitzpatrick linajaribu kukikisia. Ukilinganisha majibu ya watu na kipimo hicho, hupishana mara nyingi: wapo wa aina ya II wanaostahimili kuliko wa III, na watu wengine hujibu tofauti wakiulizwa tena. Kipimo hicho huchukua muda na huhitaji mgonjwa arudi kesho yake, ndiyo maana swali limebaki kutumika.

Yasiyomo ndani ya namba

Mtu mwenye ualbino anatuonyesha vizuri zaidi kuliko yeyote kwamba namba hii haisemi lolote kuhusu asili ya mtu. Mtoto wa baba na mama weusi wa Mwanza anaweza kuzaliwa bila uwezo wa kutengeneza melanini ya kutosha. Huungua kila mara na hakolei: ni aina ya I, ilhali kaka yake wa tumbo moja ni VI. Daktari anayeandika namba kwa kuangalia kabila au nchi atakosea kabisa hapa. Lakini hata I iliyoandikwa kwa usahihi haitoshi. Wa aina ya I wa Boston hukutana na jua kali miezi michache kwa mwaka. Huyu wa Mwanza hukutana nalo kila siku, akienda shule, akilima, akiuza sokoni. Namba inasema ngozi inavyopokea pigo moja. Haihesabu mapigo. Saratani za ngozi zinazowapata watu wenye ualbino wakiwa bado vijana hutokana na hesabu hiyo, na kinachoipunguza ni kofia pana, mikono mirefu, kivuli na losheni ya kukinga jua.

Upande wa pili wa kipimo, namba VI imewafanya watu, na hata wahudumu wa afya, kudhani kwamba mtu mweusi hapati saratani ya ngozi. Zile zinazosababishwa na jua kweli ni chache kwake. Lakini melanoma inayowapata watu weusi kwa kawaida huota mahali ambapo jua halihusiki sana: nyayoni, viganjani na chini ya kucha. Bob Marley alikufa kwa melanoma mwaka 1981, na ilianzia kwenye kidole gumba cha mguu. Kipimo kinachotabiri jua litakufanya nini hakiwezi kukuonya juu ya ugonjwa ambao haukuletwa na jua.

Kwenye leza nako namba hii imepewa kazi isiyoiweza. Mwanga wa leza ya kuondoa nywele hutafuta melanini ya kwenye shina la nywele, na ngozi yenye melanini nyingi huuzuia njiani na kuungua. Linalohitajika kujulikana ni kiasi cha melanini kilichomo kwenye ngozi siku ile. Mtalii wa aina ya III aliyekaa wiki mbili kwenye fukwe za Zanzibar bado ni III kwenye faili, lakini ngozi yake ya leo imekolea na itaungua kwa nguvu ambayo mwezi uliopita aliistahimili. Kwa ngozi nyeusi, hutumika leza yenye wimbi refu zaidi, la nanomita 1064, ambalo melanini hulinyonya kidogo zaidi, na hujaribiwa kwanza sehemu ndogo. Kama ngozi itaacha madoa meusi baada ya jeraha, au itaota kovu linalovimba, namba haisemi, ijapokuwa hayo ndiyo mambo ambayo mtu mweusi huyaogopa zaidi.

Hata hivyo, kipimo kimeendelea kusambaa kikiwa kipimo cha rangi. Mwaka 2015 kilitumika kuchagua rangi tano za ngozi za emoji kwenye simu, I na II zikiunganishwa kuwa moja. Katika tafiti za kitabibu, namba za Fitzpatrick mara nyingi huandikwa kwa niaba ya rangi, na wakati mwingine kwa niaba ya asili ya watu. Kwa anayetaka rangi, kuna njia zilizotengenezwa kwa ajili ya rangi: vifaa vinavyorusha mwanga kwenye ngozi na kupima unaorudi, au ngazi ya rangi kumi ya mwanasosholojia Ellis Monk, ambayo kampuni ya Google iliitangaza mwaka 2022. Nazo hazitakuambia kama mtu anaungua. Kila kimoja kina swali lake.

Kwa hiyo ukiwa kwenye kiti cha mgonjwa na ukaona namba ya Kirumi inaandikwa kabla hujafungua kinywa, zungumza. Mweleze anayekuhudumia jua linakufanya nini: kama mabega huuma, kama ngozi hubanduka, inachukua siku ngapi kutulia. Mwambie kama umekuwa juani sana wiki za karibuni, kama una madoa yasiyo na rangi, na kama vidonda vyako huacha weusi au makovu yanayovimba. Omba aanze na dozi ndogo, na kwa leza omba ajaribu sehemu ndogo na kusubiri kabla ya kuendelea. Namba ya Fitzpatrick ilizaliwa kutokana na majibu ya wagonjwa, na isipoulizwa mgonjwa inabaki kuwa maoni ya mtazamaji kuhusu rangi yake.